Alama yako ni "amevuka matarajio", mbona bonasi haijavuka?

Ninaandaa mishahara ya kampuni binafsi hapa Dodoma, na kila mwaka bonasi zikishatoka napata swali lilelile: "Kaka, mimi nimepewa 1.2, mbona hela iliyoingia haifanani na 1.2?" Nitalijibu kwa mfano mmoja, wa ofisa manunuzi wa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike, ila muundo wake ndio ninaokutana nao kazini.

Mshahara wake wa msingi ni 1,600,000 kwa mwezi. Mkataba unasema bonasi yake ya lengo ni 12% ya mshahara wa msingi wa mwaka. Msingi, si jumla, kwa hiyo posho ya nyumba na ya usafiri hazimo. Mwaka mzima ni 19,200,000, na 12% yake ni 2,304,000. Hiyo ndiyo hela ambayo angepata kama yeye na kampuni wangefikia malengo sawasawa, bila kuzidi wala kupungua.

Kisha vinakuja vizidisho viwili. Cha kwanza ni chake, kinatokana na tathmini ya utendaji. Kwenye kiwanda hiki anayekidhi matarajio anapata 1.0, anayevuka anapata 1.2, aliye chini kidogo anapata 0.6, na aliyeshindwa kabisa anapata 0. Cha pili ni cha kampuni, na ni kimoja kwa wafanyakazi wote. Kwenye Excel mstari wake ni huu:

```
=B2*12*C2*D2*E2
```

B2 ni mshahara wa msingi wa mwezi, C2 ni asilimia, D2 ni kizidisho cha mtu, E2 ni cha kampuni. Mstari ni mfupi, lakini E2 ina mambo mengi nyuma yake.

Watu wengi hudhani kampuni ikifikia 94% ya faida iliyopangwa, E2 itakuwa 0.94. Sivyo. Kwa kawaida bodi huweka ngazi tatu: kizingiti, lengo na kikomo. Kwenye mfano wetu kizingiti ni 80% ya faida ya mpango, na hapo kizidisho ni 0.5. Ukifika 100% ni 1.0. Ukifika 120% ni 1.5, na hapo ndipo mwisho hata faida ikipaa kiasi gani. Katikati ya ngazi unapanda kwa mstari ulionyooka: kila asilimia moja ya faida inaongeza 0.025. Mwaka ule bei ya mbegu ilipanda na kiwanda kikaishia 94%. Kutoka 80 hadi 94 ni hatua 14, mara 0.025 ni 0.35, jumlisha 0.5 unapata 0.85. Yaani faida imepungua kwa 6% ya mpango, lakini bonasi za kiwanda kizima zimepungua kwa 15%. Hakuna aliyekosea hesabu. Mteremko umewekwa mkali makusudi, maana wenye hisa wanataka bonasi ishuke haraka kuliko faida. Na pale kwenye kizingiti pana mporomoko kabisa. Ukifika 80% unalipwa nusu, ukiwa na 79.9% hulipwi kitu. Ukiona mabishano makali kuhusu gharama gani iingie mwaka huu na ipi isubiri mwakani, mara nyingi kampuni iko karibu na mporomoko huo.

Sasa tuzidishe. 1.2 mara 0.85 ni 1.02. Ofisa wetu aliyevuka matarajio anapata 2,350,080, ambayo ni 2% tu juu ya lengo. Mwenzake mwenye mshahara uleule na alama ya 1.0 anapata 1,958,400. Kwa hiyo alama yake nzuri haikupotea. Imemletea karibu 392,000 zaidi ya mwenzake, ila kampuni imeivuta ngazi nzima chini, na yeye anajipima na lengo badala ya kujipima na mwenzake.

Naulizwa pia kwa nini tuzidishe badala ya kujumlisha. Zipo kampuni zinazojumlisha, kwa mfano 60% ya bonasi kutoka kampuni na 40% kutoka kwa mtu. Kwa mwaka ule ofisa wetu angepata 0.51 jumlisha 0.48, yaani 0.99, tofauti ndogo tu na 1.02. Tofauti kubwa inaonekana kwenye sifuri. Kampuni ikianguka chini ya kizingiti, njia ya kujumlisha bado inamlipa 0.48 ya lengo, hela ambayo huenda kampuni haina. Vilevile aliyeshindwa kazi kabisa anaendelea kupata 0.51 kwa jasho la wenzake. Kuzidisha kunafunga milango yote miwili. Mimi naona kuzidisha ni sahihi kwa mameneja, lakini ni kukali mno kwa mtu wa chini ambaye hana namna ya kugusa faida. Mwendesha mashine hapangi bei ya mbegu.

(Ndugu zetu watumishi wa umma wa hapa mjini wana PEPMIS yao iliyochukua nafasi ya OPRAS. Hiyo nayo inapima utendaji, lakini isichanganywe na fomula hii.)

Kuna kizidisho kingine ambacho hakiandikwi kwenye barua. Tuseme bonasi za lengo za wafanyakazi wote zinafika milioni 100. Kwa 0.85, bodi inaidhinisha fungu la milioni 85. Lakini wakuu wa idara wamekuwa wakarimu, na wastani wa alama, ukipimwa kwa uzito wa bonasi ya kila mtu, umekuwa 1.1. Jumla ya kulipa inakuwa milioni 93.5 na fungu halitoshi. Kinachofanyika ni kugawanya kila bonasi kwa 1.1. Ofisa wetu anashuka hadi 2,136,436, chini ya lengo, huku barua yake ikisema amevuka matarajio. Ukarimu wa mabosi haukuongeza hata shilingi moja kwenye fungu. Umehamisha tu hela kutoka kwa waliopimwa kwa ukali kwenda kwa waliopimwa kwa huruma.

Kulijua hili ni rahisi. Chukua bonasi ghafi iliyo kwenye hati yako ya mshahara, kabla ya kodi, uigawanye kwa jibu la fomula ile ya Excel, pamoja na ile 12 yake. Ukipata 1, hakuna kilichofichwa. Ukipata 0.75 na uliajiriwa Aprili, umelipwa miezi 9 kati ya 12, ni halali. Ukipata 0.909 nawe umefanya kazi mwaka mzima, fungu limebanwa kwa 1.1. Ukipata namba isiyoeleweka, angalia kama mshahara wako ulipanda katikati ya mwaka, kwa sababu kampuni nyingine hutumia mshahara wa Desemba na nyingine hutumia uliolipwa kweli mwezi kwa mwezi.

Usifanye hesabu hiyo kwa hela iliyoingia benki. Bonasi ni kipato cha ajira na inakatwa PAYE. Ofisa wetu, hata baada ya kutoa 10% ya NSSF kwenye mshahara, anabaki na 1,440,000 inayotozwa kodi, juu ya 1,000,000 ambapo ngazi ya 30% inaanza. Kwa hiyo kila shilingi ya bonasi inakatwa 30%: kwenye ile 2,136,436 zinaondoka 640,931, zinabaki 1,495,505.