Kubadilisha kazi ya cron inayolipa watu: yanayoaminika na yaliyo kweli

Tuchukue ushirika wa maziwa. Kila mfugaji anapoleta maziwa, karani anaingiza lita, na mfumo unaandika mstari mmoja kwenye jedwali la `malipo`. Kila baada ya dakika tano `cron` inaamsha programu iitwayo `lipa.py`, inayochukua mistari inayosubiri na kutuma pesa kwenye simu za wafugaji kupitia kampuni ya malipo. Siku moja mhasibu anaona kwamba anayeleta asubuhi na jioni anasababisha ada mbili za muamala. Inaamuliwa kwamba kuanzia sasa maziwa ya mfugaji mmoja yaunganishwe, alipwe mara moja saa moja jioni.

Kwenye msimbo hilo ni badiliko la mistari michache. Ugumu upo kwenye malipo yaliyo njiani wakati wa kubadilisha, na hapo ndipo mafundi wengi huingia na imani ambazo haziko sawa.

Dhana: Nikishaweka toleo jipya, la zamani limekoma

`cron` kazi yake ni kuanzisha tu. Ukihariri `crontab` ukafuta mstari, utazuia mwanzo unaofuata, lakini programu iliyokwisha kuanza itaendelea mpaka imalize. Python nayo ikishasoma faili lake inabaki na ulichokuwa umeandika zamani, hata ukilibadilisha lile faili kwenye diski. (Bash ni hatari zaidi: husoma skripti kidogo kidogo inapoendelea, kwa hiyo ukiihariri papo hapo inaweza kurukia katikati ya sentensi ambayo haikuwepo ilipoanza.) Kwa hiyo kuna kipindi ambacho matoleo mawili yanaweza kuwa hai pamoja, na lazima uamue mapema nani anaruhusiwa kugusa nini.

Njia rahisi ni kufuli la `flock`:

```
*/5 * * * * flock -n /var/lock/lipa.lock /srv/lipa/sasa/lipa.py
```

Alama ya `-n` inamaanisha: kama kufuli limeshikwa, ondoka bila kusubiri. Sharti moja ambalo husahaulika ni kwamba faili la kufuli liwe moja kwa matoleo yote. Nimeona watu wakiliweka ndani ya folda ya toleo. Toleo jipya likaja na folda yake na kufuli lake, na kila mmoja akaamini yuko peke yake. Kulifuta lile faili "kusafisha" kuna madhara hayohayo, maana kufuli hushikwa kwenye faili lenyewe, si kwenye jina lake. Ukiunda jingine lenye jina lilelile, ni kufuli tofauti.

Siku ya kubadilisha, weka `#` mbele ya mstari wa `crontab`, kisha endesha `flock /var/lock/lipa.lock true` bila `-n`. Amri hiyo itaganda mpaka programu iliyokuwa ikiendelea imalize. Ikirudi, hakuna tena anayelipa.

Dhana: Kusimamisha kazi kunapoteza vilivyoingia katikati

Inategemea jinsi programu inavyochagua kazi zake. Kama inauliza "nipe mistari ya dakika tano zilizopita", basi ndiyo: ukisimamisha kwa dakika ishirini, dakika kumi na tano zimepotea, kwani `cron` hairudii zamu zilizopita. Kama inauliza "nipe kila mstari wenye hali ya `inasubiri`", unaweza kusimamisha hata siku nzima. Mistari itakaa palepale na kulipwa baadaye.

Toleo letu jipya linavutia kosa hilohilo kwa sura nyingine. Ni rahisi kuandika "unganisha maziwa ya leo". Seva ikizimika jioni hiyo, kesho "leo" itakuwa siku nyingine na maziwa ya jana hayatakuwa ya mtu yeyote. Tarehe itumike kuandika ripoti. Cha kuamua nani alipwe ni hali ya mstari.

Kukumbuka namba ya mwisho iliyolipwa nako hakutoshi. Kwenye PostgreSQL namba hutolewa mstari unapoandikwa, lakini mstari hauonekani kwa wengine mpaka muamala wa hifadhidata ukamilike. Mstari 1849 unaweza kuonekana baada ya 1850. Programu iliyoandika "nimefika 1850" haitarudi nyuma kuuchukua.

Dhana: Kampuni ya malipo inakataa marudio, kwa hiyo tuko salama

Hii ndiyo inayokula pesa za watu. Kampuni ya malipo haijui mfugaji wala lita. Inachotambua ni kumbukumbu namba uliyoituma. Ukituma namba ileile mara mbili, huduma iliyojengwa vizuri itakataa ya pili. Ukituma namba mpya, kwake hayo ni malipo mapya, na iko sahihi.

Angalia kinachotokea kwetu. Mfugaji ameleta lita 12 asubuhi kwa shilingi 50 lita moja. Mstari 1842, shilingi 600, kumbukumbu `M-1842`. Toleo la zamani linageuza hali kuwa `inatumwa`, linaituma, kisha mtandao unakatika kabla ya jibu kurudi. Pesa imefika kwenye simu. Mfumo wetu haujui. Mstari unabaki `inatumwa`.

Kama lingebaki toleo la zamani, hakuna tatizo: lingerudia kwa `M-1842`, na kampuni ingejibu kwamba hiyo imeshalipwa. Lakini mchana tunapandisha toleo jipya. Jioni mfugaji analeta lita 9, mstari 1907, shilingi 450. Toleo jipya linakusanya kila kisicholipwa cha mfugaji huyu, 600 na 450, na kutuma 1,050 kwa kumbukumbu mpya `K-31`. Kampuni haijawahi kuiona `K-31`, inalipa. Mfugaji aliyestahili 1,050 amepokea 1,650, na hakuna kosa lolote kwenye logi. Kila programu ilifanya ilichoandikiwa.

Kilichobadilika ni utambulisho wa malipo, na ulibadilika wakati kuna malipo ambayo hatima yake haijulikani. Kwa hiyo mstari wowote ulioanza safari kwa `M-` lazima uimalize kwa `M-`. Toleo jipya lichukue wale tu ambao hawajawahi kutumwa:

```sql
UPDATE malipo SET hali = 'kundini', kundi_id = 31
WHERE mfugaji_id = 207 AND hali = 'inasubiri'
RETURNING id, kiasi;
```

Kundi lenyewe, pamoja na kumbukumbu `K-31` na jumla iliyotokana na mistari hiyo, liandikwe kwenye muamala uleule wa hifadhidata, ukamilishwe, na ndipo ombi la malipo litumwe kwa kampuni. Programu ikifa katikati, itakaporudi italikuta kundi 31 lina namba yake tayari na kurudia kwa namba hiyo. Namba inayotengenezwa dakika ya kutuma, kwa mfano kutokana na saa, inabadilika kila jaribio na hailindi chochote.

Mistari iliyobaki `inatumwa` ishughulikiwe kabla ya kuwasha toleo jipya. Iulizie kampuni moja moja kwa kumbukumbu yake. Iliyofika iandikwe `imelipwa`. Ambayo kampuni imethibitisha kuwa imeshindikana, safari yake ya `M-` imeisha, kwa hiyo irudishwe `inasubiri`. Ikijibu "haijulikani", usiiguse, maana muamala unaweza kuwa bado uko njiani kwao. Ngoja, uulize tena. Mara nyingi ni mistari michache ya kuhesabika kwa vidole, na nusu saa ya kazi hii ya kuchosha ni nafuu kuliko kumpigia mfugaji simu kumwomba arudishe pesa.

Dhana: Likiharibika, tunarudisha la zamani

Msimbo unarudi nyuma, data hairudi. Toleo la zamani litakuta mistari yenye hali ya `kundini`, neno ambalo halikuwepo lilipoandikwa. Litafanya nini? Fungua uone linavyochagua. Kama limeandika `hali = 'inasubiri'`, litaipita na hakuna madhara. Kama limeandika `hali <> 'imelipwa'`, litaichukua yote na kuilipa mmoja mmoja, ikiwemo iliyokwisha kulipwa ndani ya makundi. Ukikuta la pili, rekebisha toleo la zamani kwanza, liache liendeshe siku moja au mbili, kisha ndipo ulete jipya.

Kwa sababu hiyohiyo usilipatie neno la zamani maana mpya. Mwishoni mwa Julai 2012 kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, Knight Capital, ilipandisha programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Programu hiyo ilitumia upya alama iliyowahi kuwasha kipande cha msimbo kilichoachwa miaka mingi. Tarehe 1 Agosti seva ya nane, iliyobaki na msimbo wa zamani, ilipoona alama ile iliamsha kipande hicho na kuanza kumwaga oda sokoni. Kwa takriban dakika 45 hasara ilizidi dola milioni 400. Haikuwa kazi ya `cron`, lakini tatizo lake ni lilelile: neno moja, matoleo mawili yanayolielewa tofauti. Kuongeza hali mpya hakugharimu kitu.

Dhana: Jaribio lilipita, basi imekwisha

Hapa sina mengi. Kabla ya kuwasha, endesha hesabu hii na uhifadhi majibu:

```sql
SELECT hali, count(*), sum(kiasi) FROM malipo GROUP BY hali;
```

Kisha badilisha kiungo cha `/srv/lipa/sasa` kielekee folda ya toleo jipya, endesha kwa mkono kwa mfugaji mmoja tu, na uhesabu tena. Ukiwa umesimamisha uingizaji kwa dakika hizo chache, jumla ya `kiasi` kwa hali zote haipaswi kubadilika hata shilingi. Pesa inahama tu kutoka hali moja kwenda nyingine. Ikibadilika, simama hapo. Linganisha pia jumla ya kila kundi na mistari yake, na taarifa ya kampuni ya malipo na vyote viwili, kwa sababu hifadhidata yako haiwezi kukuonyesha malipo ambayo haikuyajua.

Ukirudisha mstari wa `crontab`, angalia saa ya seva. Seva nyingi huendeshwa kwa UTC, ambayo iko saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki, kwa hiyo saa moja jioni inaandikwa `0 16 * * *`. Ukiandika 19, wafugaji watalipwa saa nne usiku.

Toleo la zamani na safu ya kumbukumbu za `M-` vibaki mpaka mstari wa mwisho wa `M-` uwe umefungwa na taarifa ya mwezi ya kampuni ya malipo iwe imelinganishwa. Malalamiko ya "sikupata ile ya tarehe fulani" huja kwa kuchelewa, na jibu lake liko kwenye safu hiyo.