Pedeli ya mwalimu inafanya nini: barua kwa wazazi wa wanafunzi wetu wa udereva

Wapendwa wazazi na walezi,

Poleni na majukumu. Kila tunapopokea wanafunzi wapya, hasa vijana waliotoka kumaliza kidato cha sita, wazazi hunipigia simu wakiuliza jambo lile lile: mwanangu akichanganyikiwa katikati ya barabara, mwalimu atafanya nini? Huwa tunajibu kwamba mwalimu ana breki yake. Ni kweli, ila nimegundua wengi wakisikia hivyo wanadhani gari lina breki mbili, kwamba ya mwanafunzi ikishindwa ipo nyingine ya akiba. Haiko hivyo, na naona ni haki yenu kujua kilichomo ndani ya gari kabla hamjamkabidhi mtoto.

Mkifungua mlango wa kushoto wa gari letu la mafunzo, chini pale ambapo abiria huweka miguu mtaona pedeli mbili: klachi na breki. Kwenye gari la otomatiki ipo moja tu, ya breki. Pedeli ya mafuta hatukuweka upande wa mwalimu, kwa sababu kazi ya mwalimu ni kusimamisha gari, na anayetakiwa kulikimbiza ni mwanafunzi.

Pedeli hizo haziendi kwenye magurudumu. Zinaishia kwenye pedeli za mwanafunzi. Kwenye magari yetu ya gia kuna chuma kinachopita chini ya dashibodi kutoka kushoto hadi kulia, na mwisho wake umebanwa kwa nati kwenye mkono wa pedeli ya mwanafunzi. Mwalimu akikanyaga, chuma kinazunguka kidogo na kuivuta chini pedeli ya upande wa pili. Gari letu la otomatiki linatumia waya ndani ya mfereji, kama ule wa breki za baiskeli, ila mnene zaidi. Kwa mtindo wowote kati ya hiyo miwili, kinachotokea ni kimoja: pedeli ya mwanafunzi inashuka kana kwamba yeye mwenyewe ameikanyaga. Kuanzia hapo ni breki ile ile moja, mafuta ya breki yale yale na pedi zile zile.

Kwa hiyo kama pedi zimeisha, au mafuta ya breki yanavuja, pedeli ya mwalimu haitawaokoa. Mzazi anayekagua gari la shule yoyote ya udereva asiishie kuona pedeli mbili za ziada akaridhika. Aulize pia breki zenyewe zimehudumiwa lini.

Sasa tuje kwenye mipaka yake, maana hapo ndipo penye somo. Pedeli ya mwalimu inaweza kukanyaga lakini haiwezi kuinua. Mwanafunzi akiogopa akakanyaga breki ghafla mbele ya daladala, mwalimu hana namna ya kumtoa mguu, na gari litasimama pale pale. Hatari hii ya kugongwa kwa nyuma ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu hakuna kifaa ndani ya gari kinachoizuia. Kinachosaidia ni bango la herufi L nyekundu kwenye mraba mweupe, mbele na nyuma, ili anayetufuata aache nafasi. Wapo wanaolitazama hilo bango na kuongeza honi. Kwa ajili ya hao tumempa mwalimu kioo chake cha ndani, kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele upande wa kushoto, ili aone kinachokuja nyuma bila kugusa kioo cha mwanafunzi. Akiona gari limetukaribia mno, anamwambia mwanafunzi apunguze mapema na taratibu, kabla halijatokea la kumfanya akanyage ghafla.

Hali ni hiyo hiyo kwa pedeli ya mafuta. Mwanafunzi akiing'ang'ania, mwalimu hawezi kuirudisha juu. Nitaeleza tukio moja la hivi karibuni, kwa sababu linaonyesha jambo hili vizuri. Binti mmoja alikuwa anajifunza kuegesha gari la gia mbele ya ukuta, mwendo wa kutambaa. Alipotaka kusimama mguu wake ulitua kwenye mafuta badala ya breki. Gari liliporuka mbele akashtuka, na mtu aliyeshtuka hukandamiza zaidi pale pale mguu ulipo, akiamini ni breki. Mwalimu hakuhangaika na mguu wake. Alikanyaga klachi na breki kwa pamoja. Klachi ikakata nguvu ya injini isifike kwenye magurudumu, breki ikasimamisha gari, na injini ikabaki inaunguruma kwa kelele mpaka yule binti akatambua alipokanyaga. Ukuta haukuguswa. Kelele ile huwatisha sana wanafunzi, na wengine huja kuwasimulia nyumbani kwamba gari lilitaka kupasuka. Maana yake ni kwamba klachi imefanya kazi yake.

Kwenye otomatiki hakuna klachi ya kukata nguvu. Mwalimu anakanyaga breki mara moja, kwa nguvu zote, na kuishikilia hapo huku mkono ukisukuma gia kwenda N, yaani gia huru. Hairuhusiwi kuipampu. Breki ya gari inasaidiwa na mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini, na injini ikiwa imekanyagwa mafuta mpaka mwisho mvuto huo haupatikani tena. Akiba iliyopo inatosha kukanyaga vizuri mara moja au mbili. Baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Hili na ninyi wenye magari ya otomatiki nyumbani mlijue.

Usukani ni mmoja tu. Mwalimu anaufikia kwa mkono wa kulia, akiushika chini kidogo upande wa kushoto, na anaweza kuunyoosha au kuuvuta kidogo. Hawezi kushindana na kijana mwenye misuli aliyeung'ang'ania kwa mikono miwili. Ndiyo maana masomo ya mwanzo tunafanyia uwanjani, mahali ambapo usukani ukienda kombo hakuna wa kugongwa. Hendibreki ipo katikati, mwalimu anaifikia bila shida, na tumekusudia kutotumia magari ambayo hendibreki yake imewekwa upande wa dereva.

Jambo la mwisho kuhusu mipaka ni muda. Pedeli haimpi mwalimu macho ya kuona mbele kuliko mwanafunzi. Tuseme wako kilomita 50 kwa saa na mtu anaingia kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mwalimu anasubiri kidogo aone kama mwanafunzi atachukua hatua, maana asipomwachia nafasi hiyo hatajifunza. Sekunde moja ikipita hivyo, mita 14 zimeshakwisha kabla breki haijaguswa, na kusimama kwenyewe kwenye lami kavu kunahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla ni mita 28, karibu urefu wa mabasi makubwa mawili na nusu. Kwa kilomita 30, hesabu hiyo hiyo inatoa kama mita 13 tu. Kwa hiyo mtoto akilalamika kwamba wiki ya kwanza mwalimu anamwendesha kama konokono, mjue ni makusudi. Mwendo ule ndio unaoifanya pedeli ya mwalimu iwe na maana. Mvua ikinyesha umbali wa kusimama unaongezeka, na sisi tunapunguza mwendo zaidi au tunaahirisha somo.

Magari yetu yana pia mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande yakiburuzika, ambao mafundi na wauza magari huuita ABS. Siuelezi sana, ila kuna kitu kimoja huwapa wanafunzi hofu: ukifanya kazi, pedeli inatetemeka na kugonga chini ya mguu, na asiyejua anadhani breki imeharibika, anautoa mguu. Tunawaonyesha uwanjani, kwenye changarawe, mpaka wazoee kuendelea kukanyaga.

Kila asubuhi kabla ya mwanafunzi wa kwanza, mwalimu anawasha injini na kukanyaga breki ya upande wake huku akitazama ya upande wa pili. Zote mbili zinatakiwa kuanza kushuka kwa wakati mmoja. Ya mwalimu ikishuka kwanza kidogo ndipo nyingine ifuate, basi waya umelegea au nati za kubana chuma zimeachia, na gari halitoki mpaka fundi alishughulikie. Kisha anaiachia na kuangalia kama zote zimerudi juu kabisa. Chuma kikigusa zulia au kikipata kutu, breki inabaki imeshika kidogo bila mtu kujua, na mtaitambua kwa gari kuwa zito na harufu ya kuungua kwenye magurudumu. Mzazi yeyote anakaribishwa kushuhudia ukaguzi huu, tunaufanya saa moja kasoro robo. Mnaweza pia kuufanya wenyewe kwenye gari la shule nyingine, hauhitaji kifaa chochote.

Nina maombi mawili. La kwanza ni viatu. Kwa kuwa pedeli ya mwalimu inafanya kazi kupitia ya mwanafunzi, chochote kinachoingia chini ya pedeli ya mwanafunzi kinaziziba zote mbili. Ndala iliyochomoka mguuni au chupa ya maji iliyobiringika kutoka chini ya kiti inatosha kabisa. Mwalimu atakanyaga kwa nguvu zake zote na pedeli haitashuka. Mwanafunzi aje na viatu vyepesi vya kufunga, na begi na chupa viwekwe kwenye buti. Tunarudisha nyumbani waliokuja na ndala, hata kama wamelipia siku hiyo.

La pili linahusu gari la nyumbani. Wazazi wengine wanataka kupunguza gharama kwa kumwongezea kijana mazoezi jioni kwenye gari la familia, mara nyingi IST au Vitz ya otomatiki. Mzazi aliyekaa kushoto humo hana pedeli yoyote. Ana mdomo wake, mkono kwenye usukani na, kwa bahati, hendibreki, ambayo kwenye Vitz na IST nyingi inashika magurudumu ya nyuma peke yake na haitasimamisha gari kwa haraka kama breki ya mguu. Baadhi ya magari ya otomatiki hendibreki yake inakanyagwa kwa mguu upande wa dereva, kwa hiyo hata hiyo haipo kwenu. Nawaomba msubiri mpaka mwalimu awaambie kwamba masomo kadhaa yamepita bila yeye kugusa pedeli zake. Tunayaandika hayo kwenye kadi ya mwanafunzi kila baada ya somo: mwalimu aligusa breki au klachi mara ngapi, na wapi. Muulizeni mtoto awaonyeshe kadi yake.

Wenu katika kazi,
Mmiliki wa shule