Wakati wa pili: maana yake katika usafi wa mikono kliniki, na jinsi ya kuuonyesha kwenye video ya mafunzo

Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano ambazo mhudumu wa afya lazima asafishe mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama kudunga sindano au kufunga kidonda, baada ya kazi inayoweza kumgusisha damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka mgonjwa. Mwongozo wenyewe ulitoka mwaka 2009. Huo wa pili ndio nitakaoueleza hapa, kwa kuwa ndio unaopotea huku watu wote chumbani wakitazama na asiwepo anayeona kosa.

Wakati wa kwanza unamkinga mgonjwa na vijidudu unavyomletea kutoka nje: mlangoni, kwenye simu, kwa mgonjwa uliyetoka kumhudumia. Wa pili una kazi nyingine. Unazuia vijidudu visiingie ndani ya mwili wake, na hapo vinahesabiwa hata vile vyake mwenyewe. Ngozi ya mtu mzima mwenye afya ina bakteria, na wengine kama Staphylococcus aureus huishi puani na kwenye ngozi bila kumsumbua. Wakipitishwa na sindano hadi kwenye mshipa, mambo hubadilika. Kwa hiyo muuguzi aliyesafisha mikono vizuri, kisha akamshika mgonjwa mkono kutafuta mshipa, tayari ana vijidudu vya mgonjwa vidoleni. Hajakosea lolote bado. Ila mikono yake haifai tena kwa kudunga.

Video nyingi za mafunzo huishia kwenye kuonyesha namna ya kusugua. Hilo wahudumu wengi wanalijua. Kinachowashinda ni kujua usafi waliokuwa nao umekwisha saa ngapi, na hilo halionekani isipokuwa video ifuate kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano nitakaoutumia ni kuweka kanula, kimrija cha kupitishia dripu mshipani, katika kliniki ya mtaani, tuseme Kisauni. Mgonjwa ni bibi wa makamo ya juu, ametapika tangu usiku, na ameandikiwa dripu.

ONYESHO LA KWANZA. Chumba cha matibabu. Kamera iko nyuma ya bega la muuguzi.

MUUGUZI (anapaka sanitaiza, anasugua mpaka ikauke): Shikamoo, bibi.

MGONJWA: Marahaba, mwanangu.

MUUGUZI: Nitakuwekea dripu, bibi. Nipe mkono huu niutazame mshipa.

MAANDISHI KWENYE SKRINI: *Wakati wa 1: kabla ya kumgusa mgonjwa. Umetimia.*

*Muuguzi anafunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa mshipa, anaulegeza mpira. Anavuta pazia. Anafungua droo kutoa kanula. Anasogeza faili. Anachomoa glavu mbili kwenye boksi, anazivaa, anapangusa ngozi kwa pamba ya spiriti, anashika kanula.*

PICHA INASIMAMA.

MAANDISHI KWENYE SKRINI: *Amekosa nini?*

Picha isimame kwa sekunde kumi hivi bila sauti ya msimulizi. Anayeongoza mafunzo awaache watu wajibu wenyewe. Wengi watasema hakuna kosa, maana glavu amevaa na ngozi ameipangusa. Jibu hilo lina mantiki yake, kwa hiyo video isiwakemee, iwaonyeshe.

Kwa onyesho la pili unahitaji losheni ya mafunzo inayong'aa chini ya taa ya miale ya urujuani. Ukikosa taa ya hospitali, ile inayotumika madukani kukagulia noti bandia inatosha kwa video. Paka losheni kidogo ukingoni mwa pazia, kwenye mshikio wa droo na juu ya jalada la faili. Muuguzi arudie hatua zile zile, kwa mwendo ule ule wa kawaida. Kisha zima taa za chumba.

ONYESHO LA PILI. Giza. Taa ya urujuani inawashwa. Kamera inasogea karibu na mikono.

*Mng'ao unaonekana kwenye ncha za glavu, upande wa nje. Taa inahamia kwenye boksi: mdomo wa boksi unang'aa, na glavu inayofuata kutoka inang'aa pia.*

MAANDISHI KWENYE SKRINI: *Glavu imechafuliwa na mkono ulioivaa.*

Picha hiyo ya boksi ndiyo ningeitunza kuliko nyingine zote. Glavu za kawaida za boksini hazina namna ya kuvaliwa bila vidole kugusa upande wake wa nje, na vidole vikiingia boksini vinagusa pia zile zilizobaki. Uchafu wa mkono mmoja unamfuata mgonjwa wa saa mbili baadaye, ambaye muuguzi huyu pengine hatamwona kabisa. Na pamba ya spiriti haiokoi hali: imesafisha ngozi ya mgonjwa tu, na kidole cha glavu kikirudi kupapasa mshipa mahali palipopanguswa, usafi wa ngozi nao umekwisha.

Hapo ndipo maana ya wakati wa pili inapoweza kutamkwa na ikaeleweka. Ni kusafisha mikono baada ya kugusa kitu cha mwisho kisicho cha kazi yenyewe, kabla tu ya kuanza kazi. Kama glavu zinahitajika, mikono husafishwa kabla ya kuzivaa. Kati ya kusugua na kudunga, mikono iguse vifaa vya kazi hiyo na mahali pa kudungia basi. Pazia, faili na simu havimo.

ONYESHO LA TATU. Namna sahihi. Bibi yule yule, chumba kile kile.

*Muuguzi anavuta pazia kwanza. Anapanga trei: kanula, pamba ya spiriti, plasta iliyokwisha kukatwa, boksi la glavu, kopo la sindano zilizotumika karibu na mkono. Anasafisha mikono, anamsalimu bibi, anafunga mpira, anapapasa mshipa, anaulegeza.*

MUUGUZI: Nimeuona mshipa, bibi. Ngoja nisafishe mikono tena ndipo nikudunge.

MGONJWA: Si umesafisha sasa hivi?

MUUGUZI: Nimekushika tangu hapo. Sitaki nikuingizie mshipani kilichokuwa juu ya ngozi.

MAANDISHI KWENYE SKRINI: *Wakati wa 2: kabla ya kudunga.*

*Anasugua mikono. Picha isikatwe. Saa ndogo pembeni mwa skrini inahesabu.*

Wahariri hupenda kufupisha hapa, na kwa kufupisha wanafundisha kwamba sekunde tano zinatosha. Kusugua kwa sanitaiza huchukua sekunde 20 hadi 30, kwa kiasi kinachojaa kiganja kilichokunjwa, si tone moja. Iache picha iende muda wote huo: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, migongo ya vidole, vidole gumba, halafu ncha za vidole zikizungushwa kiganjani. Kamera iwe juu ya bega ili mkono wa kulia wa muuguzi uwe wa kulia kwa mtazamaji pia. Isogee karibu kwenye mambo mawili, vidole gumba na ncha, kwa sababu huko ndiko kunakorukwa mara kwa mara, na ncha ndizo zinazopapasa mshipa.

Kisha mikono ikauke yenyewe. Kwa joto la Mombasa mkono wenye unyevu hauingii kwenye glavu, na mtu hujikuta anaipangusa mikono kwenye koti lake ili glavu ziteleze. Akifanya hivyo amerudi alikotoka. Muuguzi wa kwenye video asimame, mikono imeinuliwa, asubiri. Ndipo avae glavu, afunge mpira tena, apangushe ngozi, aache ikauke, adunge bila kupapasa tena. Akimaliza avue glavu na kusafisha mikono mara moja. Huo ni wakati wa tatu, na skrini iutaje kwa mstari mmoja.

Sanitaiza ina mipaka yake. Mikono ikiwa na damu au uchafu unaoonekana, spiriti haifanyi kazi inavyotakiwa. Hapo ni maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, kisha kukausha kwa karatasi au kitambaa cha kutumia mara moja. Wala usipake sanitaiza juu ya mikono iliyolowa maji, kwa kuwa maji yanaipunguza nguvu. Kwenye kliniki ambayo maji ya bomba hukatika na ndoo hujazwa maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu zuri na watu huacha kunawa kabla ya wakati wake. Kwa mikono isiyo na uchafu wa kuonekana, sanitaiza inawaondolea tatizo hilo lote, na video ilitamke wazi.

Kuna swali ambalo katika mji wetu litaulizwa, na halifai kupuuzwa: vipi spiriti kwa Muislamu, hasa mwenye udhu? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenyewe uliligusa suala la dini. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya ulimwengu wa Kiislamu, lilipokutana Makka Januari 2002, liliruhusu spiriti itumike nje ya mwili kusafisha vidonda na kuua vijidudu. Suala la udhu waulizwe wanazuoni wa hapa, na ningependa mmoja wao aonekane kwenye video kwa dakika moja akilijibu, kuliko msimulizi kulipitia juu juu.

Baada ya video, mtu mmoja aangalie kazi halisi chumbani kwa karatasi yenye safu mbili: nafasi zilizohitaji mikono isafishwe, na mara iliposafishwa kweli. Glavu zisihesabiwe kuwa ni kusafisha. Katika onyesho la kwanza, muuguzi wetu hadi kufikia kudunga alikuwa na nafasi mbili, akaitumia moja: nusu. Mwangalizi aandike pia chupa ya sanitaiza ilikuwa wapi. Ikiwa iko kwenye sinki upande wa pili wa chumba, muuguzi akishapata mshipa itambidi amwache mgonjwa, apite pazia, arudi na kulishika tena pazia lile lile. Katika hali hiyo wakati wa pili hautekelezeki hata kwa mwenye nia. Chupa ihamie kwenye trei, upande wa mkono anaoutumia, ndipo karatasi ijazwe upya.