Je, wajua kwa nini kubadilisha dola zote siku zinapofika, au kuzificha zote, kunaweza kuipa familia hasara?

"Ndugu yetu anatutumia dola kila mwezi na fedha ya hapa inayumba. Tuzibadilishe zote, tuzitunze, au tuzitumie upesi?"

Gaweni dola kwa kufuata matumizi yenyewe. Shilingi au faranga zitakazolipwa hivi karibuni, kwa kiasi kinachojulikana, zipatikane sasa. Matumizi ambayo bei yake hupanda kila dola inapopanda yabaki katika dola.

Kabla ya kugawa, ulizeni jambo ambalo wengi hulisahau: je, mnapokea dola kweli? Kampuni nyingi za kutuma fedha, na karibu zote zinazolipa kwenye simu, hubadilisha fedha kule kule zinakotoka, kwa kiwango chao. Ujumbe ukiingia, uamuzi umeshafanywa. Anayetaka kutunza dola lazima aelewane na mtumaji kabla, ili fedha ziingie kwenye akaunti ya dola au zilipwe kama noti za dola.

Kurudisha fedha mlizobadilisha kwenye dola baadaye kuna gharama. Tuseme duka la kubadilishia fedha linanunua dola kwa 98 na kuiuza kwa 104. Ukiuza dola 100 unapata 9,800. Ukijuta kesho yake na kununua tena, unaondoka na dola 94 na senti kidogo. Hakuna kiwango kilichobadilika, ila karibu dola sita zimebaki dukani. Kwa hiyo mwenye fedha ya nchi anayenunua dola kwa 104 hapati faida yoyote mpaka duka lenyewe lianze kununua kwa zaidi ya 104, yaani bei ipande kwa takriban asilimia 6. Kukimbia huku na huko kila habari mbaya inaposikika kunamaliza fedha kuliko kushuka kwenyewe.

Sasa tuchukue dola 500 zilizoingia mwezi huu, kwa kiwango hicho hicho cha 98. Matumizi ya mwezi ni 25,000, kwa hiyo badilisheni 260, mpate 25,480. Ada ya shule ya 12,000 italipwa baada ya miezi mitatu, na kiasi kimeshatajwa kwa fedha ya nchi. Hapa watu hubishana sana, na mimi nasimama upande wa kubadilisha 125 sasa, kupata 12,250. Deni la fedha ya nchi linalipwa kwa fedha ya nchi. Fedha hiyo ikishuka thamani, ada bado ni 12,000 na mnayo mkononi. Mmekosa faida tu. Mkiziacha katika dola na fedha ya nchi ikaimarika hadi dola kununuliwa kwa 80, ada hiyo hiyo itawagharimu dola 150. Shule ikikubali malipo ya mapema, lipeni na mchukue risiti. Zinabaki dola 115. Kama mnapanga kununua vipuri au dawa zinazoagizwa nje, hizo ndizo za kutunza, kwa sababu bei ya vitu hivyo huifuata dola. Kama ni vitu visivyoharibika na mna hakika mtavitumia, kuvinunua mapema ni sawa pia.

Kuimarika kwa ghafla si jambo la kufikirika. Kenya, Januari 2024, dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na wengi waliamini itazidi kupanda, maana serikali ilikuwa na deni la hatifungani la dola bilioni 2 la kulipa mwezi Juni. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya deni lile. Hofu ikatulia, waliokuwa wameficha dola wakaanza kuuza, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131. Aliyeng'ang'ania dola 500 aliona shilingi 80,000 zikiwa 65,500 ndani ya miezi miwili, huku kodi ya nyumba ikiwa ile ile.

Mahali pa kutunzia dola nako kuna hatari yake. Lebanoni, mwishoni mwa 2019, benki zilianza kuzuia wateja kutoa dola zao, na waliotaka fedha walilipwa pauni, fedha ya huko, kwa kiwango duni kuliko cha mtaani. Salio la dola kwenye akaunti ni ahadi ya benki, wala si noti. Dalili huonekana mapema: kiwango cha juu cha kutoa kinapunguzwa wiki hadi wiki, mhudumu anakuambia "noti za dola zimekwisha, chukua fedha ya hapa", na pengo kati ya kiwango cha benki na cha mtaani linapanuka. Mkiziona, mwambieni ndugu yenu azibakize za akiba kwenye akaunti yake kule aliko, atume za mwezi pekee.