Chupa ya maji, jiko la mkaa na dumu la petroli: tunayoyaamini na ukweli wake

Mimi ni fundi rangi hapa Iringa. Kazi hunipeleka Kihesa, Mlandege, Ipogolo, na mara nyingine Mafinga kwa wenye mbao. Karibu kila nyumba ninayopaka rangi nakuta vitu vitatu vimehifadhiwa sehemu moja: mafuta ya taa ya koroboi kwa siku umeme ukikatika, petroli ya jenereta, ya pikipiki au ya chensoo, na thina iliyobaki baada ya fundi aliyenitangulia kuondoka. Wenye nyumba wana sababu zao za kuviweka walivyoviweka. Nimezisikia mara nyingi, na nyingine nilikuwa naziamini mwenyewe.

Dhana: "Mtoto hawezi kunywa mafuta ya taa, harufu itamkataza."

Mpwa wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Chupa ilikuwa ya maji ya kunywa ya nusu lita, na mafuta ya taa niliyatia mimi, jioni, ili dada ajaze koroboi bila kuhangaika na dumu kubwa. Aliiweka chini ya meza. Asubuhi mtoto akaiona, na kwake hiyo ilikuwa chupa anayoijua, yenye kitu cheupe kama maji anachopewa kila siku. Mtoto wa umri huo akiwa na kiu hanusi kwanza. Anapiga funda, kisha ndipo anashtuka.

Dada alisikia kikohozi. Alipofika, mtoto alikuwa ananuka mafuta mdomoni na nguo ya kifuani imelowa. Bibi yetu alikuwa barazani, akapaza sauti: "Mpe maziwa haraka, mwanangu, umtapishe!" Kwa bahati, jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati akamshika mkono dada, akamwambia, "Hapana, bibi, tusimtapishe. Tumvue nguo, twende hospitali."

Ukweli ulio nyuma ya maneno ya yule jirani ni huu. Mafuta ya taa yakibaki tumboni mara nyingi hayaleti madhara makubwa. Hatari iko kwenye mapafu. Ni mepesi, yanateleza na kusambaa upesi kuliko maji, kwa hiyo kiasi kidogo sana kikiingia njia ya hewa kinatosha kuchoma mapafu na kuyavimbisha. Mtoto anayekohoa au kupaliwa mara baada ya kunywa ana dalili kwamba tayari yameingia. Ukimtapisha unayapitisha kooni mara ya pili, na kuyapa nafasi nyingine ya kushuka mapafuni. Maziwa na mafuta ya kula hayaondoi sumu hiyo; yanajaza tumbo na kumchochea atapike. Petroli na thina hufanya vivyo hivyo, na mvuke wake unaweza kumlegeza mtoto hadi akasinzia.

Kwa hiyo hatua ni chache. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi yake kwa maji na sabuni, mfute mdomo, mshike akiwa wima, na uende hospitali ukiwa na ile chupa mkononi ili wajue ni kitu gani. Usimpe chochote kwa mdomo. Na hata akionekana mzima, mpeleke, kwa sababu shida ya kupumua inaweza kuja baada ya saa kadhaa. Hospitali humwangalia mtoto wa namna hii kwa saa sita hivi kabla ya kumruhusu. Mpwa wangu alifika anacheka. Ilipofika mchana alikuwa na homa na anapumua harakaharaka, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Aliwekewa oksijeni, akakaa wodini siku nne. Alipona.

Tangu siku hiyo sitii kitu cha kuwaka kwenye chupa ya maji, ya soda wala ya juisi, hata kwa dakika kumi, hata nikiiandika kwa kalamu. Mtoto hasomi. Na huku kwetu si watoto pekee. Ulanzi pia hutembea kwenye madumu na chupa zilezile, na mtu mzima akirudi usiku gizani anaweza kukosea kama mtoto.

Dhana: "Huku ni baridi, petroli haina shida kama Dar."

Hii nimeisikia zaidi mwezi wa Juni na Julai, na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu miezi hiyohiyo ndiyo tunayoingiza jiko la mkaa ndani ili tuote moto.

Kinachowaka si petroli ya majimaji bali mvuke wake. Kila mafuta yana kiwango cha joto ambacho yakikifikia hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukiletewa cheche. Kwa mafuta ya taa, kiwango hicho huanzia nyuzi joto 38 hivi. Kwa petroli ni takribani nyuzi 40 chini ya sifuri. Hata ule umande unaoganda alfajiri kule Makete na Kitulo haukaribii hapo. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka usiku na mchana, kiangazi na masika. Thina hutofautiana: ya kuchanganyia rangi ya mafuta mara nyingi inakaribiana na mafuta ya taa, lakini ile ya rangi ya magari na vanishi ya samani, yenye harufu inayopanda kichwani mara moja, iko upande wa petroli. Mimi nazitunza zote kama petroli.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi dirishani ukatoka. Unashuka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango kama maji yanavyotafuta bonde. Ndiyo maana wengi husema "sikuwa hata karibu na moto." Dumu lilikuwa korido, jiko lilikuwa sebuleni, na mvuke ukaenda wenyewe.

Tupige hesabu ya chumba kimoja. Chumba cha mita tatu kwa tatu, mlango na dirisha vimefungwa kwa sababu ya baridi. Kijana anajaza tenki la jenereta humo ndani, inamwagika petroli ya kikombe kidogo cha kahawa, kama mililita 100. Ikikauka yote inakuwa lita 20 hivi za mvuke mtupu. Hewa yenye mvuke wa petroli asilimia moja na nusu hivi tayari inaweza kuwaka, kwa hiyo lita hizo 20 zinaharibu hewa zaidi ya lita elfu moja. Hewa hiyo ikitandazwa kwenye sakafu ya chumba kile, inafika kama kimo cha juu kidogo ya kifundo cha mguu. Jiko la mkaa limesimama humo humo, na makaa yake yako kwenye kimo hichohicho.

Mtu aliyesimama anaweza asisikie harufu kali, kwa kuwa pua iko juu. Ukiisikia, usiwashe taa wala usizime, maana swichi nayo hutoa cheche. Fungua mlango, toa watu, na jiko usiliguse ndani ya mvuke. Moto ukishika, usimwagie maji. Petroli huelea juu yake na moto hutembea nayo. Mchanga unasaidia ukiwa mdogo. Ukiwa mkubwa, toka na upige 114 kwa Zimamoto.

Petroli basi haina nafasi ndani ya nyumba ya kulala, wala jikoni, wala chini ya kitanda. Mahali pake ni stoo ya nje yenye kufuli, kivulini, yenye matundu chini ya ukuta ili mvuke utoke unakoshukia. Pikipiki inayolazwa sebuleni kwa kuogopa wezi ina tenki lenye petroli. Nawaelewa wenye bodaboda, lakini ikilazwa humo, jiko lisiingie kabisa.

Dhana: "Dumu ni dumu, mradi lina kifuniko."

Dumu la njano la mafuta ya kula ni gumu, sikatai, na kwa mafuta ya taa likiwa na kifuniko kinachobana na alama kubwa linafaa. Kwa petroli halikutengenezwa hivyo. Kifuniko chake hakina mpira wa kuzuia mvuke, na jua likilipiga linavimba. Petroli inataka dumu lake: la chuma, au la plastiki nene lililotengenezwa kwa mafuta hayo, lenye mpira kwenye kifuniko. Usilijaze hadi shingoni. Acha kama sehemu moja ya kumi wazi, kwa sababu petroli hutanuka. Dumu la lita 20 lililojazwa hapa alfajiri ya baridi, kisha likapelekwa juani kwenye joto la Kyela, linaweza kutanuka kwa zaidi ya theluthi ya lita. Ukikuta limevimba, lipeleke nje kivulini, lipoe, ndipo ulegeze kifuniko taratibu. Wakati wa kujaza, lishushe chini kwenye ardhi, usijazie likiwa juu ya pikipiki.

Thina ibaki kwenye kopo lake lenye lebo. Nimeona mtu akiimiminia kwenye kikopo cha mtindi, kikalainika na kutoboka mbele ya macho yetu. Nunua ndogo inayoisha na kazi.

Dhana: "Masalia kidogo ya petroli ndani ya dumu la mafuta ya taa hayadhuru."

Hapa tunapoteza watu kimyakimya. Dumu la lita tano lilibaki na glasi moja ya petroli chini, mtu akajazia mafuta ya taa juu yake. Hiyo ni asilimia tano tu, lakini inatosha kushusha kile kiwango cha nyuzi 38 hadi joto la kawaida la chumba. Sasa koroboi lina mvuke wa kuwaka ndani ya tumbo lake, karibu na utambi. Dalili ni harufu kali kuliko kawaida, moto unaorukaruka na kupasuka. Ukiziona, zima, litoe nje, lisijazwe tena.

Mafuta hayo yaliyochanganyika usiyajaribu kwa kiberiti, na usiyamwage chooni. Mvuke utakaa shimoni ukisubiri mtu mwenye sigara. Yafunge vizuri, yaandike "yamechanganyika", yaweke stoo ya nje, kisha muulize fundi wa gereji kama anaweza kuyapokea. Dumu lenyewe, likiwa tupu, nilipaka rangi nyekundu na kulitoboa kitako, lisije likarudi kazini.