J3 si 3ª: siku za juma kwa Kiswahili, Kiingereza na Kireno katika ratiba

Mtu anayesoma ratiba ya Msumbiji kwa mara ya kwanza hukutana na namba zenye alama ndogo juu: 2ª, 3ª, 4ª, 5ª, 6ª. Kwa kuwa siku zetu nazo zimebeba namba, mkono unakwenda wenyewe: 3ª ni Jumatatu, 5ª ni Jumatano. Hapo ndipo miadi inapopotea. Kiswahili na Kireno zote huhesabu siku, ila hazianzii mahali pamoja.

Sisi huhesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa. Neno juma limetokana na jina la Kiarabu la siku ya sala ya jamaa, na likaja kuwa jina la mzunguko mzima wa siku saba. Siku ya kwanza baada ya Ijumaa ikawa juma mosi, yaani Jumamosi, mosi likiwa neno la zamani la moja, lile lile tunalolisema tukitaja Mei Mosi au tarehe mosi. Ya pili ni Jumapili, kisha Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Baada ya hapo hesabu inakatika. Hatuna "Jumasita". Siku mbili zinazobaki zimebaki na majina ya Kiarabu, Alhamisi na Ijumaa.

Alhamisi inahitaji kutazamwa kwa makini, maana nayo ni namba. Ndani yake mna hamsa, tano ya Kiarabu. Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili, kwa hiyo siku yao ya tano huangukia siku moja baada ya Jumatano yetu. Juma la Kiswahili basi lina tano mbili zinazofuatana, ya Kibantu na ya Kiarabu, na kila moja ina hesabu yake.

Wareno nao huanzia Jumapili. Kilatini cha kanisa kiliziita siku za juma feria ya pili, feria ya tatu, na kuendelea, na katika karne ya 6 Askofu Martinho wa Braga alikemea desturi ya kuziita siku kwa majina ya miungu ya Kirumi. Wafaransa, Waitaliano na Wahispania waliendelea na majina yale. Kireno kikashika namba, na hadi leo Maputo, Pemba na Mocímboa da Praia watu husema segunda-feira, feira ya pili, wakimaanisha siku ambayo sisi tunaiita ya tatu.

| Kiswahili | Kireno | Kifupi cha Kireno | Kiingereza |
|---|---|---|---|
| Jumamosi | sábado | sáb | Saturday |
| Jumapili | domingo | dom | Sunday |
| Jumatatu | segunda-feira | 2ª, seg | Monday |
| Jumanne | terça-feira | 3ª, ter | Tuesday |
| Jumatano | quarta-feira | 4ª, qua | Wednesday |
| Alhamisi | quinta-feira | 5ª, qui | Thursday |
| Ijumaa | sexta-feira | 6ª, sex | Friday |

Wengi hufundishwa kwamba ukitoka Kiswahili kwenda Kireno unatoa moja. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini inafanya kazi kwa siku tatu tu: Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Ukifika Alhamisi usitoe kitu, kwa sababu tano iliyomo ndani yake tayari imehesabiwa kuanzia Jumapili, sawa na quinta. Ijumaa haina namba kwetu, kwa Kireno ni ya sita. Jumamosi na Jumapili zina namba kwetu, kwa Kireno hazina: sábado ni Sabato na domingo ni siku ya Bwana. Kiingereza hakina namba hata moja, na kwa hiyo hakimchanganyi mtu kwa hesabu. Matatizo yake ni ya herufi, nayo tutayafikia.

Kosa la hesabu lina dalili inayoonekana bila kujua Kireno. Chukua tangazo la ofisi inayohudumia watu "2ª a 6ª", yaani Jumatatu hadi Ijumaa, siku zote tano zikiwemo. Mfasiri akilinganisha namba kwa namba, 2ª inakuwa Jumapili, 3ª inakuwa Jumatatu, 4ª inakuwa Jumanne, 5ª inakuwa Jumatano. Kwa 6ª hana namba ya kushika, anauliza, anaambiwa Ijumaa. Matokeo yake ni ofisi inayofungua Jumapili na kufunga Alhamisi. Ukiona ratiba ya namna hiyo imetoka kwenye Kireno, rudi kwenye nakala ya asili kabla hujamwambia mtu afunge safari. Kosa la upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kireno, lina sura nyingine: Jumatatu inaandikwa terça, Jumanne quarta, Jumatano quinta, na Alhamisi pia quinta. Safu mbili zina jina moja na segunda haimo kabisa. Ni kosa baya zaidi kwa msomaji wa Msumbiji, kwa sababu hawezi kujua ni quinta ipi ya kweli.

Tangu mwaka 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC pamoja na Kiingereza, Kireno na Kifaransa, kwa hiyo ratiba moja ya mkutano inaweza kutoka kwa lugha hizo zote. Kwenye Mto Ruvuma hali hii ni ya zamani zaidi. Wamakonde wako pande zote mbili, Kiswahili kinasikika Cabo Delgado, na karatasi za upande wa kusini zimeandikwa kwa Kireno. Huko jina la siku peke yake halitoshi, kwa sababu saa nayo inaweza kuibadilisha siku.

Tuchukue mfano wa lori linaloondoka upande wa Msumbiji, na karatasi inasema: Partida, 4ª-feira, 23h30. Kwanza siku: quarta ni Jumatano. Kisha saa: 23h30 ni saa 5 na nusu usiku kwa kuhesabu kwetu. Mpaka hapa ni Jumatano usiku, saa 5 na nusu, saa za Msumbiji. Lakini Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kwa mtu aliyeko Mtwara, wakati huo simu yake inaonyesha 00:30 na jina la siku limeshageuka kuwa Alhamisi. Hakuna aliyekosea, na bado karatasi moja inasema quarta wakati simu inasema Alhamisi.

Sasa mtumaji akiandika "Alhamisi saa 6 na nusu usiku", amempoteza dereva. Msomaji wa kawaida wa Kiswahili akisoma hivyo ataelewa usiku unaokuja baada ya mchana wa Alhamisi, naye atachelewa kwa saa 24 kamili. Kiswahili kina njia ya kulisema jambo hili bila utata, nayo itumike kila mara saa inapoangukia kati ya saa 6 usiku na alfajiri: "usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, saa 6 na nusu kwa saa za Tanzania". Siku mbili zimetajwa na usiku umewekwa katikati yake, kwa hiyo hauwezi kusogea.

Usiandike "usiku wa Alhamisi" na kuishia hapo. Katika hesabu ya zamani ya pwani siku huanza jua linapozama, na ndiyo maana saa 1 usiku ni saa ya kwanza baada ya magharibi. Kwa Waislamu wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa wengine ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Wote wana haki, na ratiba haiwezi kujua itasomwa na nani.

Kuhusu vifupisho, herufi ya kwanza haifai katika lugha yoyote kati ya hizi tatu. Siku zetu tano zinaanza kwa J. Kalenda ya Kireno ikiandikwa kwa herufi moja moja husomeka D S T Q Q S S: S tatu, za segunda, sexta na sábado, na Q mbili, za quarta na quinta. Ya Kiingereza ina T mbili na S mbili. J3, J4 na J5 tunazoandikiana kwenye simu zinaeleweka vizuri baina yetu, lakini zisiingie kwenye karatasi itakayosomwa na mtu wa Kireno, kwa sababu ataona 3 na kufikiria terça. Andika jina zima na tarehe pembeni yake. Tarehe ndiyo inayoamua jina linapotiliwa shaka.

Kuna maneno matatu ya Kireno yanayofanana ambayo huharibu ratiba hata baada ya siku kufasiriwa sawasawa. Feira likisimama peke yake ni soko au maonyesho. Feriado ni sikukuu ya kitaifa, na huduma hufungwa. Férias ni likizo. Angalia pia kihusishi: "na terça" ni Jumanne moja maalumu, "às terças" ni kila Jumanne. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha safari ya mara moja na safari ya kila juma.

Anayeandaa ratiba kwenye Excel au LibreOffice asiandike siku kwa mkono. Aandike tarehe, na jina litoke kwenye tarehe. Fomula ya WEEKDAY ina namba ya mwisho inayoeleza hesabu ianzie siku gani, na 16 maana yake ni kuanzia Jumamosi, yaani hesabu yetu. Ijaribu kwa tarehe 25 Juni 1975, siku ya uhuru wa Msumbiji, iliyokuwa Jumatano:

```
=WEEKDAY(DATE(1975,6,25),16)
=WEEKDAY(DATE(1975,6,25),1)
=WEEKDAY(DATE(1975,6,25),2)
```

Ya kwanza inatoa 5, kama Jumatano. Ya pili inahesabu kuanzia Jumapili na kutoa 4, kama quarta. Ya tatu inaanzia Jumatatu na kutoa 3, na hiyo ndiyo hesabu ya kiwango cha kimataifa cha ISO 8601. Siku moja, namba tatu, zote sahihi. Kwa hiyo faili ikikujia na safu ya namba za siku bila maelezo, usizitafsiri. Tafuta tarehe moja unayoijua ndani yake, uone namba iliyopewa, ndipo utajua hesabu ilianzia wapi. Tarehe ikiwa kwenye seli A2, jina la Kiswahili linapatikana hivi:

```
=CHOOSE(WEEKDAY(A2,16),"Jumamosi","Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa")
```

Kwa safu ya Kireno badilisha 16 iwe 1, kisha panga majina kuanzia domingo hadi sábado. Ukiacha 16 huku orodha ikianza na domingo, kila siku itasogea mbele kwa moja, na sábado itasomeka domingo.