Picha ya Viza na Hadithi ya “Ni Kubwa, Nipunguzie”

“Mwanangu, mtandao umeikataa picha, eti ni kubwa. Nipunguzie.” Maneno hayo nayasikia dirishani kwangu kila wiki, na nikiyasikia najua kazi ninayoletewa si ya kupunguza picha. Ni ya kufufua picha iliyokwisha kupunguzwa mpaka ikafa. Nina steshenari, na riziki yangu kubwa ni kujazia watu fomu za mtandaoni. Leo niseme juu ya fomu moja tu, DS-160 ya viza ya Marekani, maana masharti ya picha yake yameandikwa wazi na bado watu wanayakosea yote.

“Picha ni kubwa, ipunguzwe”

Ukubwa upi? Kwenye fomu hii kuna vipimo vitatu tofauti, na sisi vyote tunaviita ukubwa. Kuna pikseli: picha iwe mraba, isipungue 600 kwa 600 wala isizidi 1200 kwa 1200. Kuna uzito wa faili, ambao usizidi kilobaiti 240. Halafu kuna kichwa chenyewe: kutoka kidevuni hadi utosini, nywele zikiwemo, kichukue kati ya 50% na 69% ya kimo cha picha. Mteja akiambiwa picha imekataliwa anakimbilia uzito, kwa sababu ndiyo namba pekee anayoiona kwenye simu yake. Mara nyingi tatizo haliko huko.

Juzi alikuja mama mmoja anayekwenda kwenye mahafali ya binti yake. Picha yake ya kwanza, iliyopigwa kwa simu, ilikuwa ya pikseli 3000 kwa 4000, uzito megabaiti tatu na kitu. Mwanawe wa kiume alipakua programu ya kubana picha akaishusha hadi kilobaiti 30. Ikakataliwa, na ilistahili, kwa sababu bado ilikuwa mstatili. Kijana hakukata tamaa. Akailazimisha iwe 600 kwa 600 bila kukata kitu. Upande wa 3000 ukagawanywa kwa tano na ule wa 4000 karibu kwa saba, basi uso wa mama ukatanuka kama chapati. Nilipoikuza kwenye kioo cha kompyuta, kope zilikuwa vijisanduku vitupu.

Nikamwambia, “Mama, hii siigusi. Nipe ile ya mwanzo kabisa.” Akanitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na WhatsApp nayo ikaibana njiani. Ikabidi aitume upya kama Document, ndipo ikafika nzima. Hili nalirudia mara kumi kwa siku.

Kazi yenyewe haikufika dakika tano. Nilipima kichwa chake kutoka kidevuni hadi juu ya nywele nikapata pikseli 1500. Nilitaka kichwa kichukue 60%, kwa hiyo 1500 kugawanya kwa 0.6 ni 2500. Nikakata mraba wa 2500 kwa 2500, uso ukae katikati na juu ya nywele kubaki nafasi kidogo. Baada ya kukata ndipo nikaushusha mraba huo hadi 600 kwa 600. Kichwa kikawa pikseli 360, na 60% ikabaki vilevile. Nilipohifadhi kama JPEG, uzito ulikuja wenyewe: kilobaiti 95. Sikuhitaji programu ya kubana.

Angalia mpangilio huo: unakata, halafu unashusha pikseli, na uzito unautazama mwisho. Yule kijana alianzia mwisho.

Na kuna sakafu ambayo hakuna anayeikumbuka. Masharti yanasema picha ikibanwa, isibanwe zaidi ya mara 20. Picha ya rangi ya 600 kwa 600 kabla ya kubanwa ina baiti 600 × 600 × 3, yaani 1,080,000. Gawanya kwa 20 unapata 54,000, yaani kama kilobaiti 54. Kwa hiyo faili ya kilobaiti 30 kwa vipimo hivyo imebanwa kupita kiasi, hata kama iko chini sana ya 240. Wanaonijia wakijisifu kwamba picha yao “ni nyepesi kabisa” ndio wananichosha zaidi.

“Pasipoti saizi ni pasipoti saizi”

Hapana. Ile tunayoikata studio kwa wingi, milimita 35 kwa 45, ni mstatili. Ukiiskani kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unapata takriban pikseli 413 kwa 531: si mraba, na haifiki 600. Ya Marekani ni inchi 2 kwa 2, ambayo kwa skani hiyohiyo inatoa 600 kwa 600 barabara.

“Badilisha jina tu, andika .jpg”

Fomu inataka faili ya JPEG, na jina ni kibandiko cha nje tu. Baiti tatu za mwanzo za JPEG ni `FF D8 FF`, na mfumo unaosoma ndani ya faili haujali umeandika nini nje. Simu nyingi za iPhone huhifadhi picha kama HEIC, aina nyingine ya faili. Ukiipachika jina la .jpg, bado ni HEIC. Ama ifungue na uihifadhi upya kama JPEG, ama kabla ya kupiga nenda Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible.

“Mandhari nitaifuta kwa programu”

Fomu inataka nyuma kuwe kweupe au kweupe kidogo kulikofifia. Kitambaa cha buluu cha studio hakifai hapa, na mtu akishapigwa nacho anaona uvivu kurudi, basi anafuta mandhari kwa programu. Nimeziona picha hizo: sikio nusu limeliwa, ukingo wa mtandio umechongeka kama umekatwa kwa mkasi butu. Tena masharti yanakataza kuibadili picha kwa programu au vichujio. Piga upya.

Ukipiga upya usiegemee ukuta. Sogea mbele kama mita moja ili kivuli kisianguke nyuma yako, na utazame dirisha. Kuna mtego mwingine kwetu sisi wenye ngozi nyeusi: simu ikiona ukuta mweupe inadhani kuna mwanga mwingi, inaipunguza picha yote nuru, na uso unabaki giza. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kidogo mpaka mashavu yaonekane. Poda si dawa.

Miwani ivuliwe, hata ya macho. Imekatazwa tangu Novemba 2016. Hijabu inayovaliwa kwa ajili ya dini inaruhusiwa, mradi uso wote uonekane na kisiwepo kivuli juu yake.

“Ikishapita mtandaoni, imepita”

Mashine inapima kile tu inachoweza kupima. Afisa wa viza ndiye mwenye neno la mwisho, na anaweza kukuomba nyingine, hasa ikiwa picha imezidi miezi sita. Vilevile picha isipopanda si lazima safari ife: ukurasa wa uthibitisho utaonyesha X mahali pa picha, na siku ya mahojiano unakwenda na iliyochapishwa, milimita 51 kwa 51. Yule mama nilimchapishia mbili akatia mkobani, ingawa yake ilipanda.